Stakabadhi ya Benki Ipo, Deni Halijafutika: Kuoanisha Malipo ya Ada na Ankara, Namba ya Mwanafunzi na Salio

Mzazi ameshika stakabadhi ya benki yenye muhuri na kiasi kamili, na shule inamwonyesha taarifa inayosema kwamba mtoto wake bado anadaiwa. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli, kwa sababu hati wanazozishika hazijibu swali moja. Stakabadhi inathibitisha kwamba benki ilipokea fedha, au ilipokea agizo la kuzihamisha, katika siku fulani. Ankara inaeleza kile ambacho shule inadai kwa muhula mmoja. Salio ni matokeo ya kila kilichodaiwa tangu mwanafunzi aandikishwe, ukiondoa kila kilicholipwa na kuandikwa kwenye ukurasa wake. Ukizilinganisha hati hizi kana kwamba zote zinaeleza jambo lilelile, utapata tofauti isiyo na maelezo, na mabishano yataanza hapo.

Mwongozo huu unawafaa mzazi anayetaka kujua fedha zake zilikwama wapi na mhasibu wa shule anayepaswa kumjibu. Unashika mpangilio mmoja wa maswali: je, fedha zilifika kwenye akaunti ya benki ya shule? Ziliandikwa kwa mwanafunzi yupi? Zilipunguza deni lipi? Baada ya hapo ndipo linakuja swali la nne, yaani salio linapaswa kuwa kiasi gani. Watu wengi huanza na swali hili la nne kwa sababu ndilo linalouma, lakini salio haliwezi kuelezwa kabla maswali matatu ya kwanza hayajajibiwa, na anayeanzia huko hulazimika kurudi nyuma.

## Namba zilizo kwenye karatasi

Stakabadhi moja inaweza kubeba namba nne zenye kazi tofauti, na ni lazima zitenganishwe kabla ya kutafuta chochote. Ipo namba ya akaunti ya shule, inayoonyesha fedha zilielekezwa kwenye akaunti ipi. Ipo namba ya muamala, inayotolewa na benki yenyewe na isiyojirudia kwa malipo mengine; hii ndiyo namba ya kutegemewa kuliko zote wakati wa kutafuta. Ipo namba ya kumbukumbu ya mwanafunzi, ambayo huandikwa na mlipaji au na karani wa benki kwa kufuata maelezo ya mlipaji. Huenda pia ikawepo namba ya ankara. Mzazi anapoambiwa ataje namba ya malipo, mara nyingi hutaja ile iliyochapishwa kwa herufi kubwa zaidi, nayo inaweza kuwa yoyote kati ya hizo.

Inafaa pia kujua namba ya kumbukumbu inavyofanya kazi katika shule husika. Baadhi ya shule humpa mwanafunzi namba moja inayodumu mpaka amalize masomo. Nyingine hutoa namba mpya kwa kila ankara, hivyo namba ya muhula uliopita inaweza kukataliwa, au malipo yakapokelewa na kuhesabiwa kwenye ankara ya zamani. Kadhalika, pale ambapo mfumo wa benki umeunganishwa na wa shule, jina la mwanafunzi hujitokeza kabla malipo hayajakamilishwa, na kosa linaweza kugunduliwa papo hapo. Pale ambapo mifumo haijaunganishwa, sehemu ya kumbukumbu ni nafasi tupu ya kuandikia: inakubali namba isiyo sahihi, jina la mzazi, maneno kama “ada ya mtoto”, na wakati mwingine maandishi marefu hukatwa mwishoni. Ikiwa shule yako iko katika kundi hili la pili, ielekee namba ya mwanafunzi kwa shaka zaidi kuliko kiasi.

## Dalili ya kwanza: malipo hayaonekani popote kwenye taarifa ya mwanafunzi

Hapa ndipo stakabadhi inapaswa kusomwa kwa makini, neno kwa neno, kwa kuwa si kila karatasi inayotolewa na benki inathibitisha kwamba fedha zimeingia. Karatasi ya kuwekea fedha iliyojazwa kwa mkono bila muhuri wala chapa ya mashine ni maelezo ya mlipaji tu. Uthibitisho wa agizo la kuhamisha fedha unaonyesha kwamba agizo limepokelewa. Inawezekana bado linasubiri idhini, au limepita saa ambayo benki hufunga miamala ya siku na kusogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Stakabadhi ya hundi inaonyesha kwamba hundi imewasilishwa, lakini fedha zenyewe huhesabiwa baada ya hundi kukubaliwa na benki iliyoitoa. Hundi ikirudishwa, stakabadhi hubaki mkononi mwa mzazi ikiwa na sura ileile, ingawa nyuma yake hakuna kitu.

Kwa sababu hiyo, mhasibu asithibitishe malipo kwa kuangalia stakabadhi, hata ikiwa nzuri namna gani. Athibitishe kwa taarifa ya benki ya shule. Atafute kwanza namba ya muamala. Asipoiona, atafute kiasi halisi, kuanzia siku chache kabla ya tarehe ya stakabadhi hadi siku chache baada yake. Kutafuta kwa jina la mwanafunzi ni njia dhaifu, maana mara nyingi taarifa ya benki hubeba jina la aliyeweka fedha, ambaye anaweza kuwa mjomba, dada mkubwa au mwajiri wa mzazi.

Utafutaji huo una matokeo matatu. Kama fedha hazimo kabisa kwenye taarifa ya benki ya shule, tatizo liko kati ya mlipaji na benki yake, na shule haina cha kurekebisha kwa wakati huo. Mzazi arudi benki na namba ya muamala, aulize mambo mawili: je, muamala ulikamilika, na fedha ziliingia akaunti ipi? Ikiwa namba ya akaunti ilikosewa na fedha zimeingia kwa mtu mwingine, ombi la kuzirudisha lifanywe mapema iwezekanavyo kupitia benki iliyozituma, kwa kuwa mara nyingi urejeshaji hutegemea ridhaa ya aliyezipokea na kama fedha bado zipo.

Kama fedha zimo kwenye taarifa ya benki lakini hazimo kwenye ukurasa wa mwanafunzi yeyote, yaelekea ziko kwenye akaunti ya malipo yasiyotambuliwa, ambayo baadhi ya wahasibu huiita akaunti ya muda. Hapo ndipo huwekwa kila malipo yaliyofika bila namba ya mwanafunzi inayoeleweka. Si mahali pabaya, kwani ni afadhali malipo yasubiri pale kuliko kukisiwa na kuandikwa kwa mwanafunzi asiye wake. Lakini akaunti hiyo inahitaji kupitiwa mara kwa mara, na mzazi ana haki ya kuomba iangaliwe. Nakala ya stakabadhi, namba sahihi ya mwanafunzi na jina la aliyeweka fedha kwa kawaida vinatosha kuyatoa malipo huko.

Tokeo la tatu ni kwamba fedha zimo benki na zimeshaandikwa kwenye ukurasa wa mwanafunzi, ila wa mwanafunzi mwingine. Hilo linastahili nafasi yake.

## Dalili ya pili: malipo yameandikwa kwa mwanafunzi mwingine

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni ndugu wanaosoma shule moja. Mzazi hulipa ada ya watoto wawili kwa muamala mmoja na kuandika namba ya mmoja wao, basi mmoja huonekana amelipa zaidi na mwingine anadaiwa. Ishara yake ni rahisi kuiona: ziada ya mmoja inalingana na deni la mwingine. Dawa yake ni barua fupi ya mzazi inayoeleza mgawanyo anaoutaka, ikitaja kiasi cha kila mtoto. Mhasibu asiugawe kwa kukisia, hata kama mgawanyo unaonekana dhahiri, kwa sababu huenda mzazi alikusudia kuacha ziada kwa ajili ya muhula ujao.

Sababu ya pili ni tarakimu zilizobadilishana nafasi wakati wa kuandika namba. Kosa hili lina alama yake katika hesabu: tarakimu mbili zinapopishana nafasi, tofauti kati ya namba sahihi na namba iliyokosewa hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Namba 20417 ikiandikwa 20471, tofauti ni 54, ambayo ni 9 mara 6. Hivyo, ukishuku kwamba malipo fulani yaliandikwa kwa namba jirani, unaweza kuanza na namba zinazopatikana kwa kupishanisha tarakimu zilizo pamoja. Kwa namba yenye tarakimu 5, ziko 4 tu za kuangalia, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Shule ambazo namba zao zina tarakimu ya uhakiki mwishoni hulipata tatizo hili kwa nadra, kwa sababu mfumo unaohakiki tarakimu hiyo hukataa makosa mengi ya aina hii.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba benki haiwezi kuhamisha malipo kutoka kwa mwanafunzi mmoja kwenda kwa mwingine, pale ambapo ada zote zinaingia kwenye akaunti moja ya shule. Kwa benki, fedha zilifika mahali palipokusudiwa na kazi yake imekwisha. Ukurasa wa kila mwanafunzi ni rekodi ya shule, na masahihisho hufanywa shuleni kwa hati ya kuhamisha yenye tarehe, sababu, namba zote mbili, kiasi na saini ya mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Malipo ya awali yasifutwe na kuandikwa upya, bali yaachwe yalivyo, kisha uhamisho uonekane kama mstari unaojitegemea kwenye kurasa zote mbili. Yakifutwa, stakabadhi iliyoko mkononi mwa mtu haitakuwa na mstari wa kulingana nao, na mkaguzi atakayekuja baadaye hatakuwa na njia ya kuona kilichotokea.

Mhasibu pia azingatie kwamba mwanafunzi wa pili ana familia yake. Mzazi anayelalamika hapaswi kuonyeshwa ukurasa wala deni la mtoto wa mwenzake. Inatosha kumweleza kwamba malipo yamepatikana chini ya namba isiyo sahihi.

## Dalili ya tatu: malipo yameonekana, lakini salio silo lililotarajiwa

Hii ndiyo dalili inayochanganya zaidi, kwa sababu kila kitu kinaonekana kiko mahali pake. Sababu inayotokea sana ni malimbikizo. Mzazi amelipa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye ankara ya muhula huu, na anatarajia sifuri. Shule nazo nyingi huelekeza malipo kwanza kwenye deni la zamani, kisha kinachobaki ndicho kinachopunguza ankara mpya. Kwa hiyo ankara ya muhula huu inaonekana imelipwa pungufu, wakati kilichobaki hasa ni deni la muhula uliopita lililobadilisha jina. Ankara iliyoandikwa vizuri huonyesha deni lililoletwa mbele na jumla inayotakiwa. Ankara inayoonyesha ada ya muhula peke yake ni chanzo cha malalamiko mengi, na kwa maoni yangu shule inayotoa ankara za namna hiyo haiwezi kuwalaumu wazazi.

Sababu nyingine ni ankara iliyobadilishwa baada ya kutolewa. Huenda mwanafunzi aliongezewa gharama ya usafiri au ya mtihani, au alipunguziwa kwa ufadhili. Mabadiliko hayo hayaandikwi juu ya ankara ya awali, bali hutolewa hati ya kuongeza deni au hati ya kulipunguza, na mzazi asiyepata hati hiyo huendelea kushika karatasi ambayo kiasi chake kimepitwa na wakati. Tarehe ya kutolewa kwa ankara ilinganishwe na tarehe za mistari yote inayofuata kwenye taarifa ya mwanafunzi. Ufadhili nao uangaliwe kama umeidhinishwa tu au tayari umeandikwa, kwa kuwa barua ya mfadhili haipunguzi salio mpaka hati yake iingizwe.

Makato ya benki huacha tofauti ndogo ambayo hujirudia kila muhula kwa kiasi kilekile au kinachokaribiana. Yapo malipo ambayo ada ya huduma hutozwa juu ya kiasi kilichotumwa, na yapo ambayo hukatwa ndani yake. Katika hali ya pili stakabadhi ya mlipaji huonyesha kiasi kamili, wakati taarifa ya benki ya shule inaonyesha kiasi kilichobaki baada ya makato. Fedha zinazotoka nchi nyingine zinaweza kukatwa na zaidi ya benki moja njiani, na zikipitia sarafu nyingine, kiwango cha kubadilishia nacho huzisogeza juu au chini. Mhasibu huandika kilichofika. Je, tofauti hiyo ibebwe na nani? Hilo huamuliwa na masharti ya malipo ya shule, na pale ambapo masharti yako kimya, mzazi atumie maelekezo ya benki yanayomfanya yeye alipe gharama zote za kutuma, ili kiasi kamili kifike.

## Tofauti yenyewe ina habari ya kutoa

Kabla ya kufungua kurasa nyingi, chukua tofauti kati ya salio la shule na salio unaloliamini, kisha uipime. Ikiwa inalingana kabisa na malipo fulani, yaelekea malipo hayo hayakuandikwa. Ikiwa nusu yake inalingana na malipo fulani, huenda malipo hayo yaliandikwa kwenye safu ya madai badala ya safu ya malipo, maana kosa hilo huongeza deni pale lilipopaswa kupungua, na tofauti huwa maradufu. Ikiwa inagawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopishana katika kiasi, kwa mfano 480,000 kuandikwa 408,000, ambapo tofauti ni 72,000. Sifuri iliyoachwa nayo hutoa tofauti inayogawanyika kwa 9: 480,000 ikiandikwa 48,000 tofauti ni 432,000, na ukiigawanya kwa 9 unapata 48,000, yaani kiasi chenyewe kilichoandikwa kimakosa.

Vipimo hivi vina mpaka. Kugawanyika kwa 9 ni dokezo tu, kwani namba nyingi hugawanyika kwa 9 bila kosa lolote. Na tofauti yenye sababu mbili ndani yake haitii kipimo chochote kati ya hivi, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

## Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Mwanafunzi mwenye namba 20417 alitozwa 460,000 katika muhula wa kwanza na 480,000 katika muhula wa pili. Mzazi wake ana stakabadhi tatu: ya 395,000, ya 65,000 na ya 480,000. Jumla ya stakabadhi ni 940,000, na jumla ya ankara ni 940,000. Kwa hesabu yake hadaiwi kitu. Taarifa ya shule inasema hivi:

| Maelezo | Madai | Malipo | Salio |
|---|---|---|---|
| Ankara, muhula wa 1 | 460,000 | | 460,000 |
| Malipo ya benki | | 395,000 | 65,000 |
| Ankara, muhula wa 2 | 480,000 | | 545,000 |
| Malipo ya benki | | 478,500 | 66,500 |

Anayetafuta malipo ya 66,500 hatayapata, kwa sababu hayajawahi kuwepo. Nusu yake, 33,250, haifanani na chochote. Na 66,500 haigawanyiki kwa 9. Mtu anaweza kupoteza mchana mzima akikifukuza kiasi hiki kimoja, ilhali kinachotakiwa ni kukiacha na kuoanisha stakabadhi na mistari ya malipo, moja baada ya nyingine.

Stakabadhi ya 395,000 ina mwenzake: kiasi ni kilekile na namba ya muamala ni ileile. Inawekwa kando. Stakabadhi ya 480,000 haina mstari wenye kiasi chake, lakini namba yake ya muamala inaonekana kwenye mstari wa 478,500. Hivyo ni malipo yaleyale yaliyofika yakiwa yamepungua 1,500, na chini ya stakabadhi, kwa maandishi madogo, ada ya huduma ya 1,500 imetajwa kuwa imekatwa kwenye kiasi kilichotumwa. Stakabadhi ya 65,000 haina mwenzake kabisa. Sasa tofauti imegawanyika katika sehemu mbili: 65,000 isiyoonekana na 1,500 ya makato, ambazo pamoja ni 66,500. Hakuna kilichobaki bila maelezo, na hicho ndicho kipimo cha kwamba uoanishaji umekamilika.

Mhasibu anaitafuta 65,000 kwenye taarifa ya benki ya shule kwa namba ya muamala na kuiona, katika tarehe ya stakabadhi. Fedha zilifika. Kwenye akaunti ya malipo yasiyotambuliwa hazimo, jambo linalomaanisha kwamba mfumo ulimtambua mtu fulani kuwa mwenye malipo. Anaisoma tena stakabadhi, safari hii akiangalia tarakimu za namba ya mwanafunzi badala ya kiasi, na anakuta 20471. Ukurasa wa namba hiyo una malipo ya 65,000 yenye namba ileile ya muamala.

Kuna athari ambayo mhasibu anapaswa kuiona kabla ya kuhamisha chochote. Mwanafunzi 20471 alimaliza muhula wa kwanza akiwa na ziada ya 65,000, ziada hiyo ikaletwa mbele na kupunguza ankara yake ya muhula wa pili, na familia yake ikalipa kiasi kilichopunguzwa kama ilivyoandikiwa. Malipo yakihamishwa leo, familia hiyo itaamka na deni la 65,000 ambalo hati za shule zilikwisha kuiambia kuwa halipo. Hawakukosea. Kwa hiyo wajulishwe kwa maandishi kabla deni halijaonekana kwenye taarifa yao, waelezwe sababu, na wapewe muda wa kulipa bila mtoto wao kuzuiwa darasani au kwenye mtihani kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Baada ya uhamisho, salio la mwanafunzi 20417 linashuka kutoka 66,500 hadi 1,500. Mzazi anaonyeshwa mstari wa makato kwenye stakabadhi yake, na anaamua ama kulipa 1,500 sasa au kuiacha iingie kwenye ankara inayofuata, kulingana na masharti ya shule.

## Ikiwa salio ni dogo kuliko linavyopaswa kuwa

Wachache hulalamika wakionekana wanadaiwa pungufu, lakini kosa hili hurudi baadaye likiwa kubwa zaidi, na mtu mwaminifu atataka lirekebishwe mapema. Chanzo chake cha kawaida ni malipo yaleyale kuandikwa mara mbili: mara ya kwanza mzazi alipoleta stakabadhi dirishani, na mara ya pili taarifa ya benki ilipoingizwa kwenye mfumo. Ishara yake ni mistari miwili yenye kiasi sawa, tarehe zinazokaribiana na namba moja ya muamala. Namba zikiwa tofauti, ni malipo mawili ya kweli na yasiguswe, hata kama kiasi kinafanana, kwa kuwa wapo wazazi wanaolipa kwa mafungu yaliyo sawa. Ni busara shule iruhusu njia moja tu ya kuandika malipo ya benki, yaani taarifa ya benki, na stakabadhi itumike kama ushahidi wa kutafutia.

## Kabla ya kufunga faili

Mzazi anapokwenda kuuliza, asiombe kuambiwa salio peke yake. Aombe taarifa kamili ya mwanafunzi inayoonyesha kila ankara, kila hati ya kuongeza au kupunguza deni na kila malipo kwa tarehe yake, kuanzia mara ya mwisho ambapo pande zote zilikubaliana juu ya salio. Hapo ndipo mahali sahihi pa kuanzia. Kurudi nyuma zaidi kunaongeza kazi bila faida, na kuanzia mbele zaidi kunaweza kuruka kosa lenyewe. Abebe nakala za stakabadhi na kubaki na zile halisi, kwa sababu wino wa baadhi ya stakabadhi za mashine hufifia, na karatasi ikishakuwa nyeupe haisaidii tena. Apige picha au atoe nakala siku ileile anapolipa.

Uhamisho ukishafanywa, mzazi apewe taarifa mpya iliyochapishwa baada ya masahihisho, yenye mstari wa uhamisho na salio jipya, kwa kuwa ahadi ya mdomo kwamba jambo limeshughulikiwa haionekani kwenye mfumo. Ankara ya muhula unaofuata itakapotoka, deni lililoletwa mbele lilinganishwe na salio la taarifa hiyo. Vikilingana, masahihisho yameshika. Visipolingana, kuna mstari ulioingizwa katikati, na utafutaji unaanzia kwenye tarehe ya taarifa hiyo, si kwenye stakabadhi ya kwanza.